Laki mbili kwa mwezi, na inboksi juu yake

Kazi yangu ya kwanza ya kusimamia ukurasa niliipata kwa mdomo. Kuna mzee ana karakana ya samani pale Keko. Jirani yangu wa Tabata alinunua kitanda kwake, wakaongea, akamwambia mtaani kwetu kuna binti anayajua mambo ya Instagram. Nikaenda. Nilimkuta amekaa kwenye sofa ambayo haijavalishwa kitambaa, nikamwamkia, akaitikia na kuniuliza swali moja tu: "Binti, kwa mwezi unataka shilingi ngapi?"

Sikumuuliza kazi yenyewe ni ipi. Niliwaza kodi ya chumba, nikawaza laki na nusu niliyokuwa nasikia wenzangu wanatoza, nikaongeza kidogo nisionekane mnyonge. Laki mbili, nikasema. Alikubali hata sijafunga mdomo, na mimi kwa ugeni wangu nikafurahi. Leo mteja akikubali bei upesi namna ile nashtuka: ama nimejishusha, ama kila mmoja ana picha yake ya kazi kichwani. Kwa mzee yalikuwa yote mawili.

Mkataba wetu ulikuwa meseji moja ya WhatsApp, na ninayo mpaka leo: "Utasimamia Instagram yetu, posti kila siku, na kujibu wateja." Maneno tisa. Posti kila siku ilinichosha, lakini haikuniumiza kama yale matatu ya mwisho.

Ukurasa wa samani una tabia yake. Mtu hanunui sofa ya L kwa kuona picha akapenda. Anauliza bei, kisha anauliza kama kitambaa kinaweza kuwa cha kijivu, mbao ni mninga au paina, ikipelekwa Dodoma usafiri unakuwa kiasi gani, mwisho anaaga kwamba atarudi mshahara ukitoka. Hapo mmeshatumiana meseji kumi na mbili, na majibu karibu yote sina mimi. Anayo mzee, au anayo fundi. Nampigia fundi, fundi yuko kwenye randa hasikii simu. Akija kupiga yeye ni saa mbili baadaye, mteja ameshahamia ukurasa mwingine, na mzee ananitumia skrinishoti ya meseji isiyojibiwa na alama tatu za kuuliza.

Tena mzee alikuwa muumini wa "bei njoo inboksi". Hakutaka bei ionekane, akiogopa majirani zake wa Keko wataiona wamshushie. Kwa hiyo kila posti niliyoiandaa kwa nusu saa ilinizalia watu ishirini wanaouliza neno moja: "Bei?" Nilikuwa najitengenezea kazi kwa mikono yangu mwenyewe, kwa malipo yaleyale.

Lililonifungua macho lilitokea mwezi wa pili. Dada mmoja aliuliza bei ya seti ya sofa usiku, saa nne na dakika kadhaa. Mzee nilijua ameshalala, nikarudi juu kwenye maongezi ya zamani nikakuta bei niliyopewa wiki tatu nyuma: 1,200,000. Nikamjibu hiyo. Asubuhi akatuma malipo ya awali moja kwa moja kwa mzee, na skrinishoti ya bei niliyomwandikia. Kumbe mbao zilikuwa zimepanda na seti ile sasa ni 1,350,000. Mzee ni mtu wa heshima zake, hakumrudishia yule dada maneno. Alimtengenezea kwa bei ileile. Ila mwisho wa mwezi aliponitumia pesa yangu iliingia 125,000. Nusu ya ile tofauti alikuwa ameikata kwangu. "Tugawane hasara, binti," akaniambia, na nilipotafuta pa kubishia sikupaona. Bei niliitaja mimi.

Jioni ile nilichukua daftari, na mwezi uliofuata niliandika kila dakika niliyoitumia kwa ukurasa ule. Naomba yeyote anayetoza bei ya kukisia afanye hivi walau kwa mwezi mmoja, kwa mteja mmoja. Yangu yalitoka hivi. Posti 26, kila moja dakika 40 za kuhariri na kuandika kapsheni, jumla kama saa 17. Safari nne za Keko kupiga picha, ukihesabu na foleni ya Mandela, saa 20. Vitu vidogovidogo "vya haraka tu", saa 9: bango la kubandika nje ya karakana, orodha ya bei ya kutuma WhatsApp, na kadi ya mchango wa harusi ya mpwa wake ambayo mpaka sasa sijui iliingiaje kwenye kazi ya Instagram. Inboksi, kwa wastani wa saa moja na nusu kila siku, Jumapili ikiwemo, saa 45.

Jumla saa 91. Karibu nusu yake ni kuchati.

Toa bando 30,000, bodaboda 32,000, na 15,000 ya programu ya kuhariri video. Katika laki mbili inabaki 123,000. Gawanya kwa 91 unapata kama 1,350 kwa saa. Niliirudia hesabu ile mara mbili nikidhani nimeruka sifuri mahali. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mzee hakuwa amenidhulumu. Alikuwa ananipa kila kitu nilichoomba.

Kupanga bei upya kulinichukua wiki nzima, ingawa hesabu yenyewe ni ya darasa la tano. Nilianza na pesa ninayotaka ibaki mkononi kwa mwezi, nikaweka 900,000. Nikaongeza gharama za kazi kwa wateja wote kwa pamoja, yaani bando, umeme, programu, na kiasi cha kuweka pembeni kwa ajili ya simu itakapoharibika: 210,000. Hiyo ni 1,110,000. Kisha nikajiuliza saa ngapi kwa mwezi naweza kuziuza. Mwanzoni niliandika 160, kama mtu wa ofisini. Uongo. Kuna siku nzima ya kufukuzia malipo, kuna kukutana na wateja ambao hawatakuja kulipa chochote, kuna umeme kukatika. Nilipoangalia daftari, saa za kazi inayolipiwa zilikuwa tano kwa siku, siku tano kwa wiki. Saa 100. Kwa hiyo saa moja yangu ni 11,100, nikaipandisha hadi 12,000 kwa ajili ya kodi na ile miezi ambayo mteja mmoja anaondoka ghafla.

Baada ya hapo kifurushi hakibuniwi tena, kinajumlishwa. Chukua posti 12 kwa mwezi. Kupanga mada za mwezi na kukubaliana na mteja, saa 2. Kwenda kupiga picha siku moja, saa 5. Kuhariri, dakika 45 kila posti, saa 9. Kapsheni, robo saa kila moja, saa 3. Kuzipangia muda kwenye Meta Business Suite ili zipande zenyewe, saa 1. Kupitia komenti robo saa kila siku ya kazi, saa 5. Taarifa ya mwezi na simu ya kuizungumzia, saa 2. Jumla saa 27, mara 12,000 ni 324,000. Weka usafiri 20,000, halafu izungushe: 350,000.

Nilipompelekea mzee karatasi hiyo aliisoma kimya, akavua miwani. "Binti, mbona umepandisha karibu mara mbili na posti umepunguza?" Kisha likaja lile ambalo kila mmoja wetu ameshaambiwa: kuna kijana anafanya kwa laki moja. Miezi michache nyuma ningeshusha hapohapo. Safari hii nilimjibu, "Mzee, tukipunguza bei inabidi tupunguze na kazi. Tuangalie ipi itoke." Tukaipitia karatasi mstari kwa mstari. Kijana wake wa dukani ana simu yenye kamera nzuri, basi picha apige yeye na mimi nisiende Keko. Posti ziwe 8. Komenti nizipitie siku tatu kwa wiki. Kupanga mada na taarifa ya mwezi viwe saa moja kila kimoja. Ikafika saa 14, nikamwandikia 170,000.

Ukiitazama juujuu, nilishuka chini ya laki mbili za mwanzo. Lakini kwa saa 14 badala ya 91. Naye alielewa anakatwa nini, kwa sababu aliyekata ni yeye.

Kwa hiyo sina "Fedha", "Dhahabu" na "Almasi" kama ninavyoona wengi wanapanga. Niliwahi kujaribu. Mteja anachagua cha chini, kisha anaomba vitu vitatu vya cha juu, na ukimkatalia anaona una roho mbaya. Karatasi yenye kazi na bei chini yake inakuachia kujadili kazi, na si utu wa mtu.

Sasa nirudi kwenye inboksi, maana ndiyo ninayoulizwa zaidi. Siichukui. Nilijaribu kuipangia bei kwa haki: vipindi viwili kwa siku, saa nne asubuhi na saa kumi jioni, dakika 45 kila kimoja, siku 24 kwa mwezi. Ni saa 36, yaani 432,000. Nilipoiona ile namba nikajua hakuna mwenye duka mwenye akili atakayeilipa, na kweli asiilipe. Kwa pesa hiyo anaongezea mshahara mtu aliyepo dukani, anayeshika kitambaa kwa mkono, anayemuuliza fundi kwa sauti na kujibiwa papo hapo. Kujibu wateja ni uuzaji. Anayejibu lazima ajue kilichopo stoo leo na bei ya leo, na mimi wa Tabata sina namna ya kuvijua hivyo bila kumsumbua mtu wa Keko.

Ninachouza badala yake ni kazi ya mara moja, saa nne pamoja na nauli, 60,000. Nakaa na mtu wa dukani, tunaandika maswali yanayorudi kila siku, tunayaweka kwenye majibu yaliyohifadhiwa ya Instagram ili akiandika neno fupi jibu zima litokee. Namfundisha kwamba orodha ya bei inabeba tarehe juu yake, na yenye zaidi ya wiki mbili haitumiki mpaka mzee athibitishe. Kwa mzee nilipigania jambo moja la ziada: kapsheni iseme bei inaanzia ngapi. "Sofa za L kuanzia 950,000." Alikataa, nikamwomba mwezi mmoja wa majaribio. Kijana wake ndiye aliyeniletea ripoti: wanaouliza "bei?" wamepungua, wanaoandika sasa wanauliza rangi na siku ya kupelekewa mzigo. Majirani hawakumshushia chochote. Bei zake walikuwa wanazijua siku zote, pale Keko watu wanaazimana misumari.

Cha pili nilichokitoa ni pesa ya matangazo, na hapa nilishajichoma. Mteja mwingine, mwenye duka la nguo, aliniomba nimbusti posti zake kwa kadi yangu, yeye atanirudishia. Meta hawachukui pesa yote mwanzoni. Wanakata jinsi tangazo linavyotumika, na kiasi kingine kinakatwa wiki imeshapita. Mpaka yalipokwisha kukatwa yote, 85,000 ilikuwa imetoka kwangu, naye ananiambia tangazo halikuleta mteja hata mmoja, sasa hela ya nini? Sikuipata. Sasa kadi ni ya mteja, imeunganishwa kwenye akaunti yake ya matangazo, mimi napewa ruhusa ya kuendesha tu, na bei ya kuliendesha tangazo inaandikwa mbali na pesa ya tangazo lenyewe. Vivyo hivyo nywila. Siulizi nywila ya mtu. Mmiliki ananiongeza kupitia Meta Business Suite, tukiachana ananiondoa. Kwa mzee nilikuwa naingia kwa nywila yake, na ile namba ya uthibitisho inakwenda kwenye simu yake. Aliposafiri kijijini kwenye msiba, mtandao wa shida, tulikaa siku nne bila kuposti na lawama zikawa zangu.

Cha tatu ni ahadi ya wafuasi na ya mauzo. Nilishawahi kuandika "wafuasi 2,000 kwa miezi mitatu" ili nipate kazi, na mwezi wa tatu ulipokaribia nikanunua wale wa bandia. Naliandika hili kwa aibu. Walikuja usiku mmoja, majina ya nchi sijui gani, na ndani ya wiki chache wengi walitoweka. Mwenye ukurasa aligundua kwa sababu wafuasi walikuwa wameongezeka lakini waliopenda posti walibaki walewale arobaini. Sasa naahidi kile kilicho mikononi mwangu tu: idadi ya posti, siku za kupanda, na taarifa ya mwezi inayoonyesha zilifikia watu wangapi na zipi zilihifadhiwa au kutumwa kwa wengine. Mteja anayetaka kuahidiwa mauzo namwachia anayeweza kuyaahidi.

Marekebisho nayo lazima yawe na mwisho. Mwenye duka la nguo alikuwa anaipeleka kila dizaini kwenye grupu la familia. Shangazi anataka maandishi makubwa, kaka anataka rangi ya njano, mchana wanabadilishana misimamo. Dizaini moja ya ofa ya mwisho wa mwezi ilirudi mara saba, ikapanda tarehe mbili, ofa imeshakwisha. Kwenye karatasi yangu sasa kuna marekebisho mawili kwa kila posti, yanatumwa kwa pamoja na mtu mmoja aliyetajwa jina. Na chini yake kuna sentensi iliyoniokoa kuliko zote: posti iliyotumwa kwa ajili ya kuidhinishwa isipojibiwa ndani ya saa 24, inapanda kama ilivyo. Mwanzo watu huipinga. Waambie mbadala wake ni ukurasa kulala.

Malipo ni kabla ya mwezi kuanza, na kwenye ankara naandika "pamoja na ya kutolea". Ni kiasi kidogo, lakini wateja watano kila mwezi ni bando. Picha zikichelewa kutoka kwa mteja, posti za mwezi ule hazihamii mwezi unaofuata. Nilishawahi kujikuta nina posti 23 za kutengeneza Novemba kwa sababu mtu alilala Oktoba. Na siku utakapopata kampuni badala ya duka, usishangae kama mimi. Niliandika ankara ya 800,000, ikaingia 760,000, nikapiga simu kwa mhasibu nikiwa nimeshapandisha sauti. Akanieleza taratibu kwamba ile asilimia 5 ni kodi ya zuio, wameikata waipeleke TRA, na nidai cheti chake ili nihesabiwe kwenye kodi yangu ya mwaka. Nikaomba radhi. Cheti nilikifuatilia kwa wiki tatu.

Mzee bado ni mteja wangu, kwa ile 170,000. Idd iliyopita alinipigia saa tatu usiku, mwezi wenyewe haujatangazwa bado. Anataka bango la Idd Mubarak lenye picha ya familia nzima na sofa mpya, lipande mara tu utakapoandama. Kwenye karatasi yetu dizaini za nje ya kifurushi ni 25,000, na za usiku ni mara moja na nusu. Nilimwandikia hivyo, nikaweka simu chini kwa woga, maana ni mtu mzima na sikukuu ni sikukuu.

Dakika tano hazikuisha ikaingia meseji ya muamala. Alituma 38,500, na ujumbe chini yake: "Ipo na ya kutolea. Sofa ya kijani ionekane vizuri."